Barua ya kudai pesa katika duka la Ujerumani si ombi, ni tamko

KOTI la baridi lililonunuliwa katika duka la mtandaoni nchini Ujerumani linapofika likiwa limebana mabegani, Mkenya aliyelelewa kwa adabu za Kiswahili huketi akaandika ombi. Huanza kwa salamu, akaeleza masaibu yake, akaomba radhi kwa usumbufu na mwishoni akasihi afikiriwe.

Barua kama hiyo inapendeza kuisoma. Tatizo ni kwamba kisheria huenda isiwe imesema lolote.

Nchini Ujerumani, mnunuzi wa mtandaoni anayetaka kurejeshewa pesa zake haombi. Anatangaza kwamba amejiondoa katika mkataba. Tangazo hilo linapolifikia duka kwa wakati ufaao, mkataba huvunjika pale pale, awe mwenye duka amependa au amechukia. Neno linalobeba nguvu hiyo ni moja, nalo ni Widerruf.

Wakenya wengi zaidi watahitaji kulifahamu neno hilo. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, safari za vijana wanaokwenda huko kusomea kazi au kuajiriwa zimekuwa gumzo katika familia nyingi. Anayefika huko kabla ya majira ya baridi hununua koti na viatu, na mara nyingi hununua kwa simu.

Kisa cha mfano kitasaidia kueleza. Mwanagenzi wa uuguzi kutoka Kenya, anayeishi Dortmund, aliagiza koti mnamo Jumatatu, Novemba 3, 2025. Bei ya koti ilikuwa yuro 129.90 na usafirishaji yuro 4.95, jumla yuro 134.85. Koti lilifika Jumamosi, Novemba 8. Alilijaribu chumbani mbele ya kioo, akaona halimtoshi.

Novemba 12 aliliandikia duka kwa Kiingereza. Alieleza kwamba koti ni dogo kuliko alivyotarajia, kwamba amesikitika kidogo, na akauliza kama lipo lolote ambalo duka lingeweza kumsaidia nalo. Novemba 20 alijibiwa kwa upole ule ule: duka lilimpa pole na kumtumia vocha ya yuro 129.90 ya kununulia bidhaa nyingine.

Hapo duka halikumdanganya. Lilisoma swali na likatoa jibu. Aliuliza kama angeweza kusaidiwa, nalo likachagua msaada ulioligharimu kidogo zaidi. Hakuna mahali katika baruapepe ile aliposema kwamba anajiondoa katika mkataba.

Sheria kuu ya madai ya Ujerumani, ijulikanayo kwa herufi BGB, inaeleza jambo hili katika kifungu cha 355. Tamko la mnunuzi lazima lioneshe waziwazi kwamba ameamua kuuvunja mkataba. Kifungu hicho hicho kinaongeza kwamba mnunuzi halazimiki kutoa sababu yoyote. Muda aliopewa ni siku 14.

Haki hiyo ilitokana na hoja rahisi. Anayenunua dukani hulishika koti, akalivaa na kujitazama kabla ya kulipa. Anayenunua mtandaoni huona picha tu. Kwa hivyo sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2011, ambayo Ujerumani ilianza kuitekeleza Juni 13, 2014, inampa muda wa kufanya nyumbani kile ambacho mwenzake alikifanya dukani. Ndiyo maana haki hii haimhusu aliyenunua dukani kwa mkono wake, wala haipatikani kwa mtu binafsi anayeuza koti lake kuukuu mtandaoni. Sharti muuzaji awe mfanyabiashara na mnunuzi awe mtu anayejinunulia kwa matumizi yake.

Mabadiliko ya 2014 yalileta pia mtego ambao wengi hawajautambua. Tangu wakati huo, kurudisha kifurushi kimya kimya hakuhesabiwi kuwa ni kujiondoa. Maduka mengi makubwa hukubali kifurushi kilichorudi na fomu yake ndani, kwa kuwa hayataki mabishano. Lakini ubishi ukizuka, kifurushi kisichokuwa na maneno hakithibitishi kitu. Huenda mnunuzi alitaka kubadilishiwa saizi, au alitaka koti likarabatiwe. Maneno ndiyo yanayoamua.

Mwanagenzi wetu, baada ya kushauriwa na mwenzake wa darasani, aliandika upya kwa Kijerumani. Si kwamba sheria inalazimisha lugha hiyo. Sababu ni kwamba karani anayesoma mamia ya baruapepe kwa siku hutafuta maneno anayoyafahamu, na maneno hayo yanapatikana katika fomu ya mfano ambayo sheria yenyewe imeiweka na ambayo kila duka linapaswa kumpa mnunuzi. Barua ilikuwa hivi:

```
Betreff: Widerruf der Bestellung Nr. 4820713
vom 03.11.2025

Sehr geehrte Damen und Herren,

hiermit widerrufe ich den von mir abgeschlossenen
Vertrag über den Kauf der folgenden Ware:
1 Wintermantel, Größe 38, Artikelnummer 55190

Bestellt am: 03.11.2025
Erhalten am: 08.11.2025
Kundennummer: 70316
Rechnungsnummer: R-118402
Rechnungsbetrag: 134,85 Euro
(einschließlich 4,95 Euro Versandkosten)

Bitte erstatten Sie mir den gesamten Betrag bis zum
08.12.2025 auf demselben Zahlungsweg.
Einen Gutschein nehme ich nicht an.
Bitte bestätigen Sie mir den Eingang dieses Widerrufs.

Mit freundlichen Grüßen
```

Chini yake aliandika jina lake kamili na anwani, vile vile kama yalivyo katika agizo. Sahihi ya mkono huhitajika tu iwapo barua imeandikwa kwenye karatasi.

Msomaji aliyezoea barua za Kiswahili ataona mara moja kuwa hakuna habari za koti kubana. Hilo limeachwa kwa makusudi. Sentensi ya kwanza baada ya salamu ndiyo roho ya barua: "kwa barua hii ninajiondoa katika mkataba niliofanya wa kununua bidhaa ifuatayo." Kitenzi kiko katika wakati uliopo na hakina masharti. Angeandika kwamba "angependa" kujiondoa, au "ikiwezekana" arejeshewe, angekuwa ameirudisha barua katika uwanja wa maombi, na vocha ingerudi nayo.

Kunyamaza kuhusu sababu kuna faida nyingine. Mnunuzi anayeanza kueleza kasoro huweza kujikuta amehamishiwa faili nyingine kabisa, ile ya malalamiko kuhusu ubovu. Huko sheria ni tofauti. Kwa bidhaa mbovu, mnunuzi hudai kwanza ikarabatiwe au abadilishiwe, jambo ambalo Wajerumani huliita Nacherfüllung, na kwa kawaida pesa huja tu baada ya hatua hiyo kushindikana. Njia hiyo ina manufaa yake: inadumu miaka miwili, na duka ndilo hugharamia usafirishaji wa kurudisha. Lakini aliye ndani ya siku 14 na anayetaka pesa zake tu ana njia fupi zaidi, na hana haja ya kuthibitisha kwamba zipu ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Nambari zilizo katikati ya barua zina kazi kila mmoja. Nambari ya agizo, Bestellnummer, humwelekeza karani kwa mkataba wenyewe. Nambari ya ankara, Rechnungsnummer, huhitajika na idara ya hesabu, kwa sababu malipo hurudishwa dhidi ya ankara wala si dhidi ya agizo. Agizo moja linaweza kuzaa ankara mbili ikiwa bidhaa zilitumwa kwa mafungu. Nambari ya bidhaa huhitajika pale ambapo mnunuzi anabaki na viatu na kurudisha koti pekee. Akiisahau, duka linaweza kudhani kwamba ameuvunja mkataba wote, na siku kadhaa zitapotea kwa kuulizana.

Ziko pia alama ndogo ndogo ambazo Mkenya anaweza kuzikosea. Wajerumani hutenganisha yuro na senti kwa mkato, si kwa nukta, hivyo kiasi huandikwa 134,85. Tarehe huanza kwa siku, kisha mwezi, na nukta katikati. Baada ya salamu ya Sehr geehrte Damen und Herren huwekwa mkato, na mstari unaofuata huanza kwa herufi ndogo. Neno Sie, ambalo ni "ninyi" ya heshima, lazima lianze kwa herufi kubwa. Heshima yote inayohitajika imo humo. Kuongeza nyingine hakuifanyi barua kuwa ya adabu zaidi, huifanya tu kuwa ndefu.

Baruapepe hii ilitumwa Jumatatu, Novemba 24, saa moja jioni. Asubuhi yake duka likajibu kwamba mnunuzi amechelewa, kwani siku 14 kutoka Novemba 8 zilikwisha Novemba 22.

Hesabu ya duka ilikuwa sahihi nusu. Siku ya kupokea bidhaa haihesabiwi, hivyo siku ya kwanza ilikuwa Novemba 9 na ya 14 ilikuwa Novemba 22. Hata hivyo, Novemba 22 ilikuwa Jumamosi. Kifungu cha 193 cha BGB kinasema kwamba muda ukiishia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hivyo siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu, Novemba 24, hadi usiku wa manane. Isitoshe, kinachotazamwa ni siku ambayo tamko lilitumwa, si siku ambayo karani alilifungua.

Mwanagenzi alijibu kwa sentensi mbili, akitaja kifungu hicho na saa aliyotuma. Duka halikubisha tena.

Palikuwapo na swali jingine ambalo lingeweza kumsaidia mnunuzi, nalo ni kama maelezo kuhusu haki hii yalitolewa ipasavyo wakati wa kununua. Pale duka linapokosa kumweleza mnunuzi haki yake ya kujiondoa, muda hurefuka kwa miezi 12 juu ya zile siku 14. Katika kisa hiki maelezo yalikuwa chini ya baruapepe ya kuthibitisha agizo, kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma mpaka ashikwe na shida.

Tamko halipotei kwa kuwa vocha ilikwisha kutumwa. Sheria inalitaka duka lirudishe pesa kwa njia ile ile iliyotumiwa kulipa, na bila kumtoza mnunuzi chochote kwa hilo, isipokuwa pale mnunuzi mwenyewe amekubali waziwazi njia nyingine. Kukubali huko ndiko kunakotafutwa vocha inapotumwa haraka. Mnunuzi akiitumia, atakuwa amejifungia mlango. Ndiyo sababu barua ilikuwa na sentensi fupi inayosema kwamba vocha haipokelewi.

Kiasi cha kudai nacho hukosewa mara kwa mara. Vocha ilikuwa ya yuro 129.90, yaani bei ya koti pekee. Lakini duka linapaswa kurudisha pia gharama ya kawaida ya kuleta bidhaa, hapa yuro 4.95. Kama mnunuzi angekuwa amechagua usafirishaji wa haraka wa bei ya juu, ile nyongeza isingerudi, ingerudi tu sehemu inayolingana na usafirishaji wa kawaida. Gharama ya kurudisha koti posta ni mzigo wa mnunuzi iwapo duka lilimweleza hivyo mapema, ingawa maduka mengi hujitolea kuilipa.

Tarehe ya Desemba 8 katika barua haikubuniwa. Duka hupewa siku 14 kurudisha pesa tangu lipokee tamko, na siku 14 kutoka Novemba 24 ni Desemba 8. Mnunuzi naye hupewa siku 14 kutoka siku aliyotoa tamko kurudisha bidhaa. Hapa pana kifungu kinacholilinda duka: linaweza kuzishikilia pesa mpaka koti lifike, au mpaka mnunuzi aoneshe ushahidi kwamba amelituma, lolote litakalotangulia.

Kwa hivyo kipande cha karatasi kinachotolewa posta, Einlieferungsbeleg, kina thamani ya pesa taslimu. Mwanagenzi alipeleka kifurushi Jumatano, Novemba 26, akaipiga picha risiti na kuituma kwa duka siku hiyo hiyo, akiandika nambari ile ile ya agizo katika kichwa cha baruapepe. Kuanzia hapo duka halikuwa na sababu ya kungoja.

Ombi la mwisho katika barua, la kuthibitishiwa kwamba tamko limepokewa, halipo kwa ajili ya mapambo. Ingawa siku ya kutuma ndiyo inayookoa muda, ni mnunuzi anayepaswa kuthibitisha kwamba tamko lilifika. Baruapepe iliyopotelea katika sanduku la takataka ni hoja ngumu mbele ya hakimu. Kwa koti la yuro 134 uthibitisho wa baruapepe unatosha. Kwa kompyuta au samani za yuro elfu moja, wengi hutuma pia barua ya rejista kupitia posta.

Haki hii ina mipaka. Bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi hairudishwi, wala chakula kinachoharibika haraka. Bidhaa zilizofungwa kwa sababu za usafi au afya hupoteza haki hiyo lakiri ikishavunjwa.

Mpaka huo wa mwisho ulizua kesi iliyofika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mjini Luxemburg. Mnunuzi Mjerumani alikuwa ameagiza godoro mtandaoni, akaondoa nailoni iliyolifunika, kisha akajiondoa katika mkataba. Duka lilikataa likidai kwamba godoro lililofunuliwa ni sawa na bidhaa ya usafi. Machi 27, 2019, majaji walisema la. Walilifananisha godoro na nguo: zote hugusa mwili wa mtu anapozijaribu, na zote zinaweza kusafishwa na kuuzwa tena.

Kulijaribu si kulitumia, hata hivyo. Koti linaweza kuvaliwa chumbani kama ambavyo lingevaliwa katika chumba cha kujaribia dukani. Likivaliwa kazini wiki nzima na kurudi na harufu ya manukato, duka linaweza kukata sehemu ya pesa kwa thamani iliyopungua. Mnunuzi hapotezi haki ya kujiondoa, lakini hatapata kiasi chote.

Mpaka mwingine hufichwa na matangazo ya biashara. Maduka kadhaa hujigamba kwamba mteja ana siku 30 au 100 za kurudisha bidhaa. Siku 14 za kwanza ni za sheria. Zinazozidi ni hisani ya duka, na katika hisani duka linaweza kuweka masharti yake, ikiwamo kulipa kwa vocha. Anayeahirisha hadi siku ya 20 kwa kuwa ameahidiwa 30 anaweza kukuta kwamba amebadilisha haki kwa fadhila.

Duka likikaa kimya baada ya tarehe iliyotajwa, hatua inayofuata ni barua fupi ya pili inayotaja ya kwanza, tarehe yake na siku mpya ya mwisho. Baada ya hapo zipo ofisi za kuwatetea wanunuzi, Verbraucherzentrale, katika majimbo yote 16 ya Ujerumani. Kurasa za baadhi ya maduka bado zinaonesha kiungo cha jukwaa la Umoja wa Ulaya la kusuluhisha migogoro mtandaoni. Jukwaa hilo lilifungwa Julai 20, 2025, na anayelitafuta anapoteza muda.

Sheria nyingine ya Ulaya, iliyopitishwa 2023, inayataka maduka ya mtandaoni kuweka kitufe cha kujiondoa katika mkataba kuanzia Juni 19, 2026. Kitufe hicho kinafanya kazi ile ile inayofanywa na sentensi ya kwanza ya barua, na nambari ya agizo itahitajika vile vile.

Katika kisa cha Dortmund, yuro 134.85 ziliingia benki Desemba 5. Stempu za kurudishia koti alizilipa mwenyewe, kwa kuwa masharti ya duka yalisema hivyo. Ile vocha ya yuro 129.90 ilibaki katika sanduku lake la baruapepe bila kuguswa.